Daftari linapozunguka wasiwasi uleule

Fungua kurasa 4 za mwisho za daftari lako la kutafakari, ulizoandika kuhusu jambo lilelile linalokusumbua. Pigia mstari kila sentensi yenye kitu ambacho hakikuwamo kwenye kurasa za nyuma: tukio, hisia uliyoitaja kwa jina, au hatua ya kuchukua. Ukurasa wa tatu na wa nne ukikosa mstari hata mmoja, hapo hutafakari tena, unacheua: unatafuna wasiwasi uleule bila kusonga mbele.

Mara nyingi tatizo ni swali lenyewe unalojiuliza unapoandika. "Kwa nini bosi hanipendi?" halina mwisho, maana kila jibu huzaa hukumu nyingine juu yako. Libadilishe liwe la tukio moja: "Jumanne kwenye kikao alisema nini hasa, nami nilijibu nini?" Pengine utakuta alichosema ni "ripoti imechelewa", basi. Sasa una cha kufanya: kesho umuulize ripoti ijayo anaitaka lini.

Tegesha saa dakika 15. Ikilia na kifua kimebana zaidi kuliko ulipoanza, funga daftari, katembee au mpigie mtu simu; ukurasa mwingine utakurudisha palepale. Mawazo hayo yakikunyima usingizi wiki 2 mfululizo, muone mshauri nasaha.