Somo: Kumwamkia mkubwa kwa maandishi bila salamu kupoa njiani

Somo hili linahusu salamu ya aina moja tu, ile ambayo mdogo humwandikia mkubwa wake kwenye simu, kwa kuwa ndiyo ninayoiona ikiharibika zaidi hapa kwetu Mombasa. Mtu anapoingia nyumba ya jamaa zake Mji wa Kale, husema shikamoo huku ameinama kuupokea mkono wa mkubwa na kuubusu, na marahaba inayomrudia huvutwa mwishoni, marahabaa, kisha huulizwa ya mama, ya watoto na ya kazi kabla hajakaribishwa kuketi. Katika maandishi mkono haupo wala sauti haivutwi, na kazi yote iliyokuwa ikifanywa na viungo hivyo hubaki juu ya maneno.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nahitaji nakala ya hati ya nyumba ya marehemu babu, nikamwandikia shangazi yangu anayekaa Kuze: "Shikamoo shangazi. Habari? Natumai u mzima. Naomba unitumie nakala ya ile hati ya nyumba." Jibu lilikuja jioni, neno moja tu: "Marahaba." Ijumaa nilipokwenda kumwona akaniambia, "Mwanangu, nilidhani umempa mtu simu akuandikie." Ujumbe wangu haukuwa na tusi wala ukosefu wa adabu, na shikamoo ilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni alama yoyote ya kwamba aliyeandika ni mimi na anayeandikiwa ni yeye.

Hatua ya kwanza ni kumwita. "Shangazi" pekee hutaja cheo, ilhali "shangazi yangu" hutaja uhusiano, na Kiswahili kimeuthamini uhusiano huo kiasi cha kuunganisha maneno mawili yakawa moja: mamangu, babangu, mwanangu, mwenzangu. Kimilikishi hiki ni kidogo sana, lakini katika maandishi ndicho kinachokaa mahali pa mkono ulioshikwa. Kiandikwe mara moja mwanzoni, kwani kikirudiwa katika kila sentensi huanza kusikika kama kubembeleza, na mkubwa mwerevu hujiuliza unataka nini.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito, nayo ni kuuliza hali. Tuzitazame "Habari?" na "Natumai u mzima" kwa karibu. La kwanza ni swali ambalo jibu lake limekwisha kuandaliwa: kwa desturi yetu mtu husema njema, salama au sijambo hata akiwa kitandani, ndipo aongeze "lakini" na kueleza yaliyomsibu. Uso kwa uso, muulizaji hungoja hiyo "lakini", na kusubiri kwake huonekana machoni. Kwenye simu hakuna kinachomwonyesha mkubwa kwamba unangoja. La pili ni baya zaidi, kwa sababu si swali kabisa. Humwambia mtu kwamba yu mzima na kumfungia mlango wa kusema vinginevyo.

Dawa yake ni kuuliza jambo ambalo wewe tu, au watu wachache, mngeweza kuliuliza. Shangazi yangu alikuwa akisumbuliwa na goti, na nyumba yao ina ngazi za mawe zilizosimama wima. Nilipoandika upya siku nyingine, niliandika hivi:

"Shikamoo shangazi yangu. Umeamkaje leo? Lile goti limekuruhusu kushuka ngazi, au bado wajukuu ndio wanaokuletea mahamri juu? Sisi huku Kisauni hatujambo, na watoto wanakuamkia. Nisalimie wote hapo nyumbani."

Alijibu kwa sentensi sita, goti likiwa katika tatu. Neno "lile" limefanya kazi kubwa hapo, kwa maana halielekezi kwa kidole bali kwa kumbukumbu: ni goti tulilokwisha kulizungumza, wewe na mimi. Ningeandika "goti lako" swali lingekuwa sahihi, ila lingeweza kuulizwa na daktari. Nalo swali lenyewe linajibika kwa ukweli, ndiyo au bado, bila kumlazimu aanze kwa njema.

Kipimo ninachokitumia ni kuliondoa jina la mwandikiwa na kuweka la mtu mwingine. Salamu ikiweza kwenda kwa huyo wa pili bila kubadilishwa neno, bado haijafika kwa yeyote.

Hatua ya tatu ni kuwaingiza wengine, maana kwetu salamu haiwi ya watu wawili. Linganisheni "wasalimu watoto" na "nisalimie watoto". Sentensi ya kwanza ni agizo, lakini katika ya pili kiambishi "ni" kinamtia mwandishi ndani ya nyumba ile, kwa kuwa anaomba kusalimiwa watu kwa niaba yake. "Watoto wanakuamkia" nayo hubeba shikamoo za nyumba nzima, kwani kuamkia ni kitendo cha mdogo kwa mkubwa, si kusalimu tu.

Hatua ya mwisho ni fupi: haja isiandikwe katika ujumbe wa salamu. Ingoje marahaba. Siku ile hati niliiomba baada ya habari za goti, na picha yake ikanifikia kabla ya adhuhuri.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Likoni: Wanangu huniandikia "shkmoo". Je, nikiona baridi katika neno hilo ninawaonea?

Huwaonei, ingawa sidhani wao wanakusudia baridi. Mdomoni joto la neno hili limo katika irabu, ndizo tunazozivuta, na ufupisho huo unakata mbili kati ya hizo hizo. Waombe waandike neno zima. Ni herufi nane. Lakini kuandika "shikamoooo" kwa kuiga sauti sikupendekezi kwa mkubwa, kwani kwa wengi huwa ni utani wa marika.

Mwanachama wa Bondeni: Tunaoanza kwa Assalamu alaykum, tuandike shikamoo tena?

Wengi hapa huandika zote mbili, ya kwanza kwa dini na ya pili kwa umri, na haziondoani. Muhimu zaidi ni jibu. Aya ya 86 ya Suratun Nisaa inaagiza kwamba ukisalimiwa ujibu kwa iliyo bora zaidi au mfano wake, na kwa hiyo aliyeandikiwa maneno mawili hujibu "Wa alaykum salaam wa rahmatullah". Urefu wa jibu kuishinda salamu ni joto linaloonekana kwa macho. Anayejibu "w.s." amerudisha pungufu ya alichopewa.

Mwanachama wa Majengo: Namwandikia mkuu wangu wa kazi, mama wa makamo asiye jamaa yangu. Nikimwita mamangu nitakuwa nimevuka mpaka?

Utakuwa umevuka, kwani kimilikishi kinadai uhusiano ambao yeye hakuutoa. Andika "Sabalkheri Bi." ukifuatisha jina lake, halafu "pole na kazi". Hiyo "pole" inatambua uchovu wake bila kujifanya mtoto wake.

Mwanachama wa Kongowea: Na aliyefiwa, naye tumuulizeje hali?

Usimuulize. Swali la hali litamtoa "njema" ambayo si kweli, au litamlazimu aeleze asichokiweza. Anza na "Makiwa" au "Poleni kwa msiba", kwa wingi hata kama unamwandikia mtu mmoja, kwa sababu msiba ni wa nyumba. Mtaje marehemu kwa jina ulilokuwa ukimwita wewe, useme siku utakayofika, na usiandike neno linalodai jibu.