Mjamzito anayetembea kila siku ale nini zaidi?

Mama mjamzito, "kula kwa ajili ya wawili" si kujaza sahani mara mbili. Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nyongeza kubwa. Kuanzia mwezi wa nne unahitaji takriban kalori 340 zaidi kwa siku: ndizi mbivu moja, yai moja la kuchemsha na kikombe cha maziwa, basi. Miezi mitatu ya mwisho hufika kama 450.

Ukitembea nusu saa kwa mwendo wa haraka, ongeza kipande cha kiazi kitamu, na usitoke na njaa. Kula kidogo saa moja kabla, kwa sababu sukari ikishuka njiani utatetemeka na kuona kizunguzungu. Ukijisikia hivyo kila siku, au ukipimwa kliniki uzito hauongezeki, huenda chakula hakitoshi.

Maziwa yachemke kabisa, yai liive mpaka kiini kigande. Maini usiyale kila wiki, yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto. Chai nayo isubiri saa moja baada ya mchicha na maharage, maana huzuia madini ya chuma. Ukiona damu au maji yanavuja, acha zoezi, nenda hospitali.