SOMO: Kujaza jedwali la majukumu ili idara zisigombanie uamuzi (mfano wa ununuzi wa pampu ya kisima)

Ndugu wanajukwaa, mwezi huu nimeulizwa mara nne jinsi ya kujaza jedwali la majukumu, lile ambalo wengi wanalijua kwa jina la RACI. Nimechoka kuandika jibu lile lile, kwa hiyo naliweka hapa kwa ukamilifu. Ninafanya kazi Dodoma katika shirika linalokarabati visima vya vijijini, na mfano wangu unatoka huko.

Mimi hutumia herufi za Kiswahili. U ni mwenye uamuzi, yaani yule mmoja atakayejibu iwapo jambo litaharibika. T ni mtendaji, anayeifanya kazi yenyewe. S ni mshauriwa, ambaye huulizwa kabla ya uamuzi na jibu lake husubiriwa. J ni mjulishwa, ambaye hupewa taarifa baada ya uamuzi na hakuna anayemngoja.

Hatua ya 1. Chagua mchakato mmoja unaozua mvutano. Usianze na shirika zima.

Hatua ya 2. Juu ya jedwali andika vyeo, si majina ya watu, kwa sababu watu huhamishwa.

Hatua ya 3. Pembeni andika mistari, na kila mstari uwe uamuzi au kazi inayoanza na kitenzi.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba msome polepole. Katika jedwali langu la kwanza niliandika mstari mmoja tu, "Ununuzi wa pampu", kisha nikaweka U mbili, moja kwa Mkuu wa Ufundi na nyingine kwa Mkuu wa Ununuzi, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakubwa na sikutaka kumuudhi yeyote. Kisima kilichohusika kilikuwa na kina cha mita 120; maji yakivutwa yalishuka hadi mita 78 chini ya ardhi, na tenki lilikuwa kwenye mnara wa mita 9. Ukijumlisha na nguvu inayopotea ndani ya mabomba, tulihitaji pampu ya kusukuma mita za ujazo 5 kwa saa hadi kimo cha mita 95, na fundi aliandika hivyo hivyo. Msambazaji akajibu kwamba hiyo imekwisha, lakini anayo nyingine "inayolingana nayo", yenye mota ile ile ya kilowati 3. Ununuzi wakakubali. Kilowati zililingana kweli, ila pampu ile ilitengenezwa kutoa maji mengi kwa kimo kidogo: mita za ujazo 8 kwa saa, hadi mita 70. Tulipoifunga, maji yalifika tenkini kwa kuchuruzika.

Katika kikao cha kutafuta aliyekosea, Ufundi walisema waliamini Ununuzi wameihakiki, na Ununuzi wakasema waliamini Ufundi wangepinga kama ina kasoro. Wote walisema kweli, kwa sababu jedwali langu liliruhusu hivyo. Uamuzi uliotuponza, yaani kukubali kifaa mbadala baada ya vipimo kuidhinishwa, haukuwa na mstari wake popote.

Tahadhari mbili zinatokana na kisa hicho. Ya kwanza, ukiona mstari wako ni nomino tupu kama "Ununuzi" au "Usafiri", ujue ndani yake zimejificha kazi kadhaa zenye wenye uamuzi tofauti, kwa hiyo uuvunje. Ya pili, jiulize kila mara: mpango ukibadilika katikati, nani anaamua? Swali hilo liwe na mstari wake. Baada ya kurekebisha, jedwali letu likawa hivi:

| Kazi au uamuzi | Mkuu wa Ufundi | Fundi wa visima | Mkuu wa Ununuzi | Mhasibu Mkuu | Mtunza stoo |
|---|---|---|---|---|---|
| Kuthibitisha vipimo vya pampu | U | T | S | | |
| Kuchagua msambazaji kati ya waliokidhi vipimo | S | | U/T | J | |
| Kukubali au kukataa kifaa mbadala | U | S | T | J | |
| Kukagua pampu inapopokelewa | U | T | J | | T |
| Kuidhinisha malipo | J | | S | U/T | |

Angalieni mstari wa tatu. Ununuzi ni T kwa kuwa ndio wanaopokea pendekezo la msambazaji na kulipeleka mbele, lakini hawawezi kulikubali.

Hatua ya 4. Jaza U kabla ya herufi nyingine yoyote, moja tu kwa kila mstari. Wakuu wawili wakiigombania, usiwagawie. Rudi uuvunje mstari, na mkishindwa, aliye juu yao achague.

Hatua ya 5. Kila S iwe na muda. Sisi tuliweka siku 2 za kazi, zikipita bila jibu uamuzi unaendelea na ukimya huo unaandikwa kwenye jalada. Tuliacha mstari mmoja nje ya kanuni hiyo, ule wa kifaa mbadala, ambao ni lazima fundi ajibu kwa maandishi.

Hatua ya 6. Chukua kisa kimoja kilichokwisha kuharibika na ukipitishe kwenye jedwali jipya, mstari kwa mstari. Lisipoonyesha nani angekizuia, bado halijakamilika.

MASWALI

Kijana wa Area C: Mkuu, naomba unitumie jedwali lililokwisha kujazwa la idara ya rasilimali watu, nina kikao kesho.

Mwandishi: Sina, na ningekuwa nalo lisingekufaa. Soma hatua ya 3.

Kijana wa Area C: Nimesoma. Je, naweza kuweka U mbili kama wakuu wote wanakubaliana?

Mwandishi: Hujasoma.

Mtumishi Halmashauri: Somo zuri. Sisi tuko serikalini. Je, tunaweza kutumia jedwali hili kuhamishia idara yetu uamuzi wa zabuni, maana bodi inachelewa?

Mwandishi: Hapana, ndugu yangu, ila swali lako ni la msingi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imekwisha kutenganisha kazi za afisa masuuli, bodi ya zabuni, kitengo cha usimamizi wa ununuzi na idara tumizi. Jedwali la ndani haliwezi kuihamisha U iliyowekwa na sheria. Hapo unainakili tu. Litakufaa kwenye mambo ambayo sheria imewaachia ninyi, kwa mfano nani ndani ya idara anaandaa vipimo na nani anavihakiki kabla havijaenda kwenye kitengo. Ucheleweshaji mwingi unaolaumiwa bodi nimeuona ukianzia pale vipimo vinaporudishwa mara mbili au tatu.

Dada wa Kongwa: Kwetu Mkurugenzi anataka awe U kwenye kila mstari. Nimwambieje?

Mwandishi: Usibishane naye, dada. Hesabu naye ni mafaili mangapi yaliyokuwa mezani kwake aliposafiri mara ya mwisho, kisha mwombe abaki na U kwa mambo yanayozidi kiwango fulani cha fedha, atakachokitaja yeye mwenyewe.

Fundi Chamwino: Mbona mtunza stoo na fundi wote ni T kwenye kukagua? Umevunja kanuni yako.

Mwandishi: Sijavunja, kanuni ya mmoja ni ya U peke yake. Mtunza stoo huhesabu na kulinganisha na oda, fundi husoma kibao cha pampu.

Fundi Chamwino: Hata hivyo ni kazi mbili. Kwa maneno yako mwenyewe, mstari huo ulipaswa kuvunjwa.

Mwandishi: Hapo umenishika. Nitauvunja.

Mama Takwimu: Nyongeza ndogo kwa wanaotumia Excel. Kwa jedwali la safu tano kama hili, weka fomula hii mwishoni mwa kila mstari. Jibu likiwa si 1, kuna tatizo la U:

```
=COUNTIF(B2:F2,"*U*")
```

Inahesabu hata penye U/T.

Mwandishi: Ahsante sana. Mimi nilikuwa nahesabu kwa kidole.