Zima arifa za barua pepe, zipangie saa zake

Usitegemee kujizuia kila simu inapolia. Zima arifa yenyewe. Kwenye Gmail ya Android, fungua Settings, gusa anwani yako, nenda sehemu ya Notifications, chagua None. Ukiwa na anwani mbili, rudia kwa kila moja. Kwenye kompyuta ni pengine: See all settings, General, kisha Mail notifications off. Shuka hadi chini ubonyeze Save Changes, maana wengi husahau hapo na arifa zinaendelea kuja.

Sasa panga saa. Mhasibu anayeletewa ankara kutwa nzima anaweza kufungua saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni. Ankara iliyokamilika aishughulikie palepale. Inayohitaji kuulizia bei aiwekee nyota. Asiifungue na kuiacha tu, kwani ikishasomwa huzama katikati ya nyingine. Bosi na wateja wakubwa waambiwe mapema kwamba jambo la dharura wapige simu.

Dawati la huduma kwa wateja lililoahidi kujibu ndani ya saa moja, mpango huu haulifai. Huko ni bora mmoja ashike zamu ya barua, wengine wafanye kazi nyingine.