Jinsi ya kumwandikia mwalimu wako wa zamani ukiomba barua ya mapendekezo ya ufadhili

Nafundisha Kemia katika shule ya upili hapa Eastlands. Kila mwaka, Agosti ikifika, simu yangu hujaa jumbe za wanafunzi waliomaliza: “Mwalimu, naomba rekomendesheni, dedlaini ni kesho.” Wengine hata jina hawaandiki, na picha yao ya WhatsApp ni ua au gari. Mwongozo huu ni wa aliyemaliza KCSE na sasa anaomba ufadhili wa shahada ya kwanza, hasa nje ya nchi, na anamhitaji mwalimu aliyemfundisha. Nitakaa zaidi kwenye barua yenyewe, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Hatua ya 1: Jua mfadhili anataka nini hasa

Kuna aina mbili, na kila moja ina shughuli zake. Wafadhili wengine wanataka barua kwenye karatasi yenye nembo ya shule, ikiwa na sahihi na mhuri. Wengine hawaitaki karatasi yako kabisa. Unaandika barua pepe ya mwalimu kwenye tovuti ya maombi, naye anatumiwa kiungo cha kujaza fomu na kupakia barua moja kwa moja.

Vyuo vingi vya Marekani vinavyotoa msaada wa karo hutumia njia hii ya pili, kupitia Common App, tovuti moja ya kuombea nafasi katika vyuo vingi. Kabla hujamwalika mwalimu, mfumo huo hukuuliza kama unaacha haki yako ya kuja kusoma barua atakayoandika. Waombaji wengi huiacha, kwa sababu vyuo huiamini zaidi barua ambayo mwombaji hataiona. Amua mapema, kwa kuwa ukishatuma mwaliko hutaweza kubadilisha.

Kama unahitaji mhuri, angalia kalenda. Muhula wa tatu huisha karibu na mwisho wa Oktoba. Novemba walimu wako kwenye usimamizi wa KCSE, kisha wengine huingia vituo vya kusahihisha. Ofisi ya shule ikifungwa, mhuri umefungiwa ndani. Omba barua Septemba, hata kama tarehe ya mwisho ni Januari.

Hatua ya 2: Chagua anayekukumbuka

Mwalimu mkuu ana cheo, lakini kama alikujua kwa sare tu, barua yake itakuwa ya sare tu. Mchague aliyekufundisha somo linalohusiana na unachotaka kusomea na aliyekuona ukifanya kazi. Akiwa amehamishwa na TSC si neno, bado anaweza kukuandikia. Mhuri tu ndio utakuwa wa shule aliko sasa, kwa hivyo barua ieleze alikufundisha wapi na miaka gani.

Hatua ya 3: Bisha hodi kwanza

Usiweke barua pepe ya mwalimu kwenye tovuti kabla hajakubali. Mtumie ujumbe mfupi au mpigie simu jioni: jina lako kamili, mwaka uliomaliza, unaomba nini, tarehe ya mwisho, na kama unaweza kumtumia maelezo. Mistari minne yatosha. Muulize pia anatumia barua pepe gani, na akutumie ameiandika mwenyewe. Nukta moja ikipotea, kiungo kinaenda kwa mtu mwingine.

Hatua ya 4: Andika barua

Hii hapa barua niliyotumiwa na mwanafunzi mmoja. Ameniruhusu kuitumia. Nimeipunguza kidogo na jina nimeliondoa.

> Mada: Ombi la barua ya mapendekezo, (jina kamili), KCSE 2024
>
> Habari ya leo, Mwalimu.
>
> Mimi ni (jina), uliyenifundisha Kemia kuanzia Kidato cha 2 hadi cha 4. Nilikuwa nakaa benchi la karibu na mlango wa maabara. Asante kwa kukubali nikuandikie.
>
> Ninaomba nafasi ya kusomea uhandisi wa kemikali katika vyuo vitatu, pamoja na msaada wa karo, kwa sababu nyumbani hatungeweza kuilipa. Vyote vinapokea maombi kupitia Common App na tarehe ya mwisho ni 1 Januari. Najua Novemba mna mitihani, kwa hivyo ningeshukuru sana ikiwa tayari kufikia 10 Oktoba.
>
> Huenda unakumbuka mambo haya mawili. La kwanza ni jaribio la asidi na besi, Kidato cha 3, muhula wa pili. Vipimo vyangu vya bureti vilikuwa 24.50 na 24.60, cha tatu kikatoka 23.10. Wenzangu mezani waliniambia nikiandike 24.50 niende zangu. Nilikuja kwako kuomba asidi nirudie, ukaniambia zimebaki dakika kumi. Nilirudia nikapata 24.60.
>
> La pili ni kwamba Kidato cha 2 nilikuwa na C. Ulianza kunipa karatasi za zamani kila Ijumaa, nami nikawa nazifanya na wasichana wawili wa darasa letu. KCSE nilipata A-.
>
> Nimeambatisha matokeo yangu, ukurasa mmoja wa shughuli zangu na insha ninayotuma vyuoni. Kama kazi ni nyingi, au unaona hunikumbuki vya kutosha, tafadhali niambie bila wasiwasi, nitafute mwalimu mwingine mapema.
>
> Mwanafunzi wako,
> (jina, simu)

Sasa tazama barua hii inamsaidia mwalimu kwa namna gani.

Nina madarasa manne ya wanafunzi hamsini na zaidi kila moja. Jina peke yake halinirudishii sura, lakini benchi la karibu na mlango linanirudishia. Na jaribio lile lilinirudishia siku nzima, kwa sababu kurekebisha kipimo cha tatu ili kifanane na vingine ni ugonjwa wa maabara zote ninazozijua. Wanafunzi wanajua alama hutolewa kwa vipimo kukaribiana, kwa hivyo wanavikaribisha kwa kalamu. Anayeomba asidi nyingine zikiwa zimebaki dakika kumi ni mtu wa kuandikiwa barua.

Barua nyingi ninazopokea husema “mimi ni mwaminifu, mchapakazi na mwenye nidhamu”. Siwezi kufanya lolote na maneno hayo. Nikiyanakili, mhakiki chuoni atakuwa ameyasoma mara mia asubuhi hiyo. Ya bureti niliweza kuyageuza hivi, kwa Kiingereza lakini maana ikiwa hii: “Kipimo chake cha tatu kilipotofautiana na vile viwili vya mwanzo, alikataa kukibadilisha kwenye karatasi, akarudia jaribio muda ukiwa umekaribia kwisha.” Uaminifu umo ndani bila kutajwa.

Kuna sababu nyingine ya mifano hiyo. Fomu ya mwalimu kwenye Common App ina jedwali la kumlinganisha mwanafunzi na wenzake: uandishi, nidhamu ya kazi, uongozi, uadilifu na mengineyo. Madaraja yanaanzia chini ya wastani hadi asilimia 1 ya juu kabisa ya wanafunzi ambao mwalimu amewahi kukutana nao. Pia kuna chaguo la kusema mwalimu hana msingi wa kuhukumu. Nikikosa kumbukumbu, mkono wangu unaenda hapo, na safu nzima ya namna hiyo haimfurahishi mhakiki. Mfano mmoja wa kweli hunipa ujasiri wa kutia alama mahali unapostahili.

Neno “kweli” hapo lina uzito. Walimu tunaweka vitabu vya alama. Ukiandika ulikuwa wa kwanza darasani na kitabu changu kinasema wa kumi na mbili, nitaanza kuutilia shaka hata ule mfano mzuri.

Na ile aya ya mwisho, ya kumpa mwalimu nafasi ya kukataa, usiifute kwa kuona inakudhoofisha. Mwalimu anayekubali kwa kuona haya huandika mistari mitano baridi, na wewe hutajua.

Lugha? Mimi napokea Kiswahili au Kiingereza. Ila maelekezo ya mfadhili yanakili kama yalivyo kwenye tovuti, usiyatafsiri, nisije nikajibu swali ambalo halikuulizwa.

Hatua ya 5: Viambatisho vichache, vyenye majina

Matokeo, ukurasa wa shughuli, insha, maelekezo ya mfadhili. Basi. Yawe PDF, kila faili likiwa na jina lako. Picha kumi za simu zilizopigwa kombo kwenye meza ya saiba hazisomeki, na mwalimu hatakwambia, ataziacha tu.

Hatua ya 6: Akikwambia “andika mwenyewe, nitatia sahihi”

Hili hutokea sana, na mara nyingi ni uchovu tu, si ubaya. Usikubali. Barua uliyojiandikia husikika kama insha yako: maneno yale yale, hata makosa yale yale ya nukta. Wahakiki huzisoma zikiwa kando kwa kando. Kwa njia ya kiungo, isitoshe, mwalimu ndiye anayethibitisha kwamba maneno ni yake, na ikigundulika si yake, maombi yote yanaweza kutupwa.

Jibu kwa adabu: “Mwalimu, mfadhili anataka yawe maneno yako mwenyewe. Lakini ngoja nikurahisishie, nikuandikie mambo muhimu kwa ufupi uchague yanayofaa.” Kisha umtumie nukta tano au sita: mada, tarehe, alama, matukio. Hizo ni habari, sentensi ataziunda yeye. Kama shida yake ni kompyuta, jitolee kwenda naye saiba ulipie dakika na uchapishaji, lakini akianza kujaza fomu, toka nje usubiri.

Hatua ya 7: Kiungo, halafu ukumbusho

Siku unayotuma mwaliko, mwambie: “Mwalimu, barua pepe imetoka leo, inatoka Common App, si kwangu. Usipoiona, tazama kwenye Spam.” Usipomwambia, ataidhani ni matapeli na kuifuta. Mimi yamenikuta.

Kumbusha wiki moja kabla ya tarehe uliyompa, kisha siku mbili kabla. Usipige simu saa za masomo. Ujumbe kama huu unatosha:

> Habari Mwalimu. Nakukumbusha kwa heshima kuhusu barua yangu ya Common App, tuliyosema iwe tayari 10 Oktoba. Mfumo unaonyesha bado haijafika. Kama kiungo kimepotea, niambie nikitume tena leo.

Mfumo hukuonyesha kama mwalimu amewasilisha, kwa hivyo chungulia kabla ya kumsumbua. Tarehe yako ikipita na hajajibu simu wala ujumbe, mpe siku tatu, kisha mwendee mwalimu wa pili na barua ile ile ukibadilisha mifano iwe ya somo lake. Ulipoweka 10 Oktoba badala ya Desemba, nafasi hii ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Yule wa kwanza mtumie ujumbe wa kumshukuru na kumwambia umepata mtu, asije akakesha siku ya Krismasi akiandika barua isiyohitajika tena.