SOMO: Bomba lako linabeba lita ngapi za maji (kwa mabomba ya dripu na ya nyumbani)

Wiki hii pekee nimeulizwa swali hili mara nne, na kila mara nimeandika jibu lilelile. Sasa naliandika mara moja tu. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Kwa nini ujue? Ukipitisha mbolea au klorini kwenye dripu, lazima ujue mchanganyiko unaotosha kujaza mabomba, na maji safi unayohitaji kuusukuma utoke. Nitatumia bustani yangu: bomba kuu jeusi la milimita 32, mita 120 kutoka kwenye tenki, na laini 10 za dripu za milimita 16, kila moja mita 20.

Hatua ya 1. Pima urefu kwa futi kamba. Usikadirie kwa hatua za miguu.

Hatua ya 2. Kipenyo cha NDANI. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole.

Bomba la plastiki huitwa kwa kipenyo cha nje. Maji hayakai nje. Ubavuni mwa bomba langu pameandikwa `32 x 3.0 PN16`, yaani nje ni milimita 32 na ukuta una unene wa milimita 3. Ukuta uko pande zote mbili, kwa hiyo unatoa 6, inabaki 26. Bomba jingine la 32 lenye ukuta wa milimita 2 lina 28 ndani. Dukani yote mawili yanaitwa "inchi moja" na kwa macho yanafanana, ila kwenye mita 120 moja linabeba lita 64 na jingine lita 74.

Mimi nilipotaka kusafisha utelezi ndani ya dripu kwa klorini, nilipiga hesabu kwa 32 na kwa 16, kama yalivyoandikwa. Nikapata lita 137, nikachanganya pipa zima. Mabomba yalikuwa yanahitaji lita 93. Zile 44 za ziada sikuzistukia. Nilisubiri pipa liishe kwa sababu "hesabu imesema", na wakati huo zinadondoka kwenye kitalu cha nyanya mwisho wa laini. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nilipanda upya.

Tahadhari: maandishi yakiwa yamefutika, usibahatishe na usimuulize muuzaji. Kata kipande cha mita 1, ziba upande mmoja, kisimamishe, kijaze maji hadi juu, kisha mimina kwenye jagi lenye mistari. Bomba langu la 32 linatoa mililita 530 hivi, na mpira wa dripu, ambao ndani una 13.6, unatoa 145. Hapo umeshapata lita kwa kila mita bila kujua kipenyo kabisa. Kipande chenyewe kitakufaa kuungia siku bomba likipasuka.

Hatua ya 3. Weka kwenye kanuni. d ni kipenyo cha ndani kwa milimita, L ni urefu kwa mita:

```
lita = d x d x L x 0.000785
```

Bomba kuu: 26 x 26 x 120 x 0.000785 = lita 64. Dripu: 13.6 x 13.6 x 200 x 0.000785 = lita 29. Jumla 93.

Hatua ya 4. Pima mtiririko. Usiamini karatasi ya dukani. Matundu yangu yameandikwa lita 2 kwa saa, lakini hiyo ni kwa presha ya kama mita 10 za maji. Tenki langu liko kwenye stendi fupi. Niliweka kikombe chini ya tundu kwa dakika 6, nikapata mililita 100, yaani lita 1 kwa saa. Nina matundu 660, kwa hiyo bustani nzima inakunywa lita 11 kwa dakika.

Hatua ya 5. Gawa: 93 kwa 11 ni dakika 8 na nusu. Muda huo ndio wa chini kabisa wa kusukuma mbolea itoke.

Maswali karibuni.

---

Kibuyu: Mkuu, somo zuri. Sasa bomba la inchi moja mita 50 linabeba lita ngapi?

Mwandishi: Soma hatua ya 2.

Kibuyu: Nimesoma, lakini langu ni inchi moja ya kawaida.

Mwandishi: Hakuna ya kawaida. Kata kipande, jaza maji.

Mwanahesabu: Hiyo 0.000785 umeitoa wapi? Shuleni tulifundishwa pai mara nusu kipenyo kipeo cha pili mara urefu. Usipotoshe watu.

Mwandishi: Ndiyo hiyohiyo. Pai ukiigawa kwa 4 unapata 0.785, maana natumia kipenyo kizima badala ya nusu. Halafu unagawa kwa 1,000 ili milimita na mita zitoke lita. Jaribu kwa njia yako kabla ya kusema napotosha.

Mwanahesabu: Nimejaribu. 63.7. Sawa.

Binti Bonde: Kaka, shikamoo. Mimi nilitia rangi ya chakula kwenye laini yangu moja, mita 20 kama zako. Kwa hesabu ilitakiwa kufika mwisho ndani ya dakika 3. Imefika dakika ya 12! Nimekosea wapi?

Mwandishi: Marahaba dada. Hujakosea, mimi ndiye niliyepita haraka hatua ya 5. Kwenye bomba kuu maji yote yanakwenda kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kugawa kunatosha. Kwenye dripu, kila tundu linachukua lake njiani. Mwanzoni maji yanakimbia kwa ajili ya matundu 66, mwishoni yanatambaa kwa ajili ya tundu moja tu. Angalia ile sentimita 30 ya mwisho: inabeba mililita 44, na tundu la mwisho linatoa kama 17 kwa dakika. Hicho kipande kidogo peke yake kinachukua dakika 2.6. Kinachokitangulia 1.3, kinachofuata 0.9, na kuendelea. Ukijumlisha yote 66 unapata dakika 12 na kitu, kama ulivyoona. Kwa hiyo mimi nahitaji 6 za bomba kuu na 12 au 13 za dripu, yaani karibu 19. Nimerekebisha kwenye daftari langu pia.

Binti Bonde: Kumbe. Na nikitaka ifike haraka?

Mwandishi: Fungua vizibo vya mwisho wa laini mpaka uone rangi, kisha funga. Kwa klorini ndivyo ninavyofanya sasa, na laini ya kitalu naielekezea kwenye ndoo.

Fundi Kijana: Nje ya mada kidogo. Mteja analalamika maji ya moto kutoka hita ya juani yanachelewa bafuni. Mita 15, nimeweka PPR ya 25 ili presha iwe nzuri.

Mwandishi: Soma ukuta: PPR ya 25 yenye ukuta wa 4.2 ina 16.6 ndani, inabeba lita 3.2. Ya 20 yenye ukuta wa 3.4 ina 13.2, lita 2 hivi. Bomba likitoa lita 4 kwa dakika, ya kwanza anasubiri sekunde 49, ya pili 31. Kwa bomba moja la bafu la mita 15, ya 20 ingetosha. Hita ikilisha jiko na bafu mbili kwa pamoja, acha ya 25 na uifunike sponji.

Fundi Kijana: Nimeshaziba ukuta na vigae juu.

Mwandishi: Basi mpe ndoo ya kukingia hizo lita 3 za kwanza, amwagilie maua.