Neno la siri la Wi-Fi: maneno 5 ya kuokota, herufi ndogo tupu

Mfano wetu ni nyumba ya Katuba, Lubumbashi: simu saba au nane, televisheni moja, kompyuta moja ya watoto wa shule, na wageni kila Jumapili. Neno la siri la nyumba hiyo ni namba ya simu ya baba. Tuanze na ubaya wake, maana ndio unaoamua hatua zote zinazofuata.

Mwizi wa Wi-Fi hakai mlangoni akijaribu neno moja moja. Ananasa mazungumzo mafupi ambayo simu na ruta hufanya wakati wa kuungana, halafu anakwenda kubahatisha kwenye kompyuta yake, bila ruta kujua lolote. Umeme wa SNEL ukirudi, vyombo vyote vinaungana upya, kwa hiyo hakosi cha kunasa. Kadi nzuri ya michoro inajaribu zaidi ya maneno milioni 1 kwa sekunde. Namba ya simu ina tarakimu 10, lakini 3 za mwanzo ni za kampuni na zinajulikana. Zinabaki 7, yaani namba milioni 10: kama sekunde 10 kwa kila tarakimu 3 za mwanzo.

Hatua ya 1: okota maneno. Chukua kamusi ya Kiswahili yenye kurasa 300 au zaidi, na vifuniko 10 vya chupa ulivyoviandika 0 hadi 9, ndani ya mfuko. Vuta mara tatu upate ukurasa, ukirudisha kifuniko kila mara. Cha kwanza kikiwa zaidi ya 2, vuta tena. 000 ihesabu kama ukurasa wa 300. Vuta mara ya nne: 7 ni neno la saba kwenye ukurasa huo, 0 ni la kumi. Hesabu tu maneno yenye herufi 4 hadi 6. Yasipofika idadi hiyo, endelea ukurasa unaofuata.

Rudia mpaka upate maneno 5. Tuseme yametoka *kobe, tanuri, shoka, embe, ngazi*. Neno la siri ni:

```
kobetanurishokaembengazi
```

(Hili usilitumie, limeshasomwa na wengi.)

Kamusi ikikupa maneno 3,000 ya kuchagua, maneno manne yanamalizwa kujaribiwa kwa miaka kama miwili na nusu na kadi moja. Matano yanahitaji zaidi ya miaka 7,000. Ndiyo maana tunasema matano. Ila hesabu hiyo inasimama tu kama bahati ndiyo iliyochagua. Mama akisema “tanuri silitaki, weka Yesu”, nguvu imeanza kuvuja, kwa sababu maneno yanayopendwa ndiyo yanayojaribiwa kwanza. Mpangilio pia uacheni ulivyotoka. Kama hayapendezi kabisa, tupeni yote matano mwokote upya.

Hatua ya 2: lijaribu kwenye chombo kigumu kuliko vyote. Kwa kawaida ni televisheni, ambako kila herufi inatafutwa kwa telekomande. Herufi 24 ndogo zinaandikika; herufi kubwa na alama zinakulazimisha kubadili ubao wa herufi kila mara, na hapo ndipo watu wanakosea. Maneno ya Kifaransa yenye é au ç yaache kabisa: neno la siri la WPA2 linapokea herufi za kawaida tu, 8 hadi 63.

Kompyuta zetu zina shida yake. Vitufe ni vya AZERTY, lakini mara nyingi mashine imewekwa kwa QWERTY. Unabonyeza *a*, inaingia *q*. Unabonyeza *m*, inaingia nukta-mkato. Kwa kuwa skrini inaonyesha vidoti tu, unadhani ruta ndiyo mbovu. Bonyeza alama ya jicho usome kilichoingia, kisha angalia kama chini ya skrini pameandikwa FRA au ENG. Tarakimu nazo kwenye AZERTY zinataka Shift. Sababu nyingine ya kutoziweka.

Hatua ya 3: liweke kwenye ruta. Anwani ya kuandika kwenye kivinjari ili uingie kwenye ruta iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, mara nyingi `192.168.1.1` au `192.168.0.1`. Chagua `WPA2-PSK` yenye `AES`, au `WPA2/WPA3` kama ipo. Zima `WPS`, maana namba yake ya siri inavunjika hata neno lako likiwa refu namna gani. Ukihifadhi, vyombo vyote vitakatika, ni kawaida.

Simu ya kwanza iandikie kwa mkono. Zenye Android 10 au zaidi zinaweza kuonyesha msimbo wa QR kwenye mipangilio ya Wi-Fi, na nyingine zikaupiga picha bila kuandika kitu. Mgeni usimpe msimbo huo: neno la siri limo ndani yake, na mara nyingi limeandikwa wazi chini yake. Kama ruta ina mtandao wa wageni, mpe huo, nao uokotee maneno yake 5.

Simu ikikataa kuungana ingawa umeandika sawa, bado inashikilia neno la zamani: ifanye isahau mtandao, uandike upya. Na siku mtandao ukirudia jina lake la kiwandani, mtoto amebonyeza kitundu cha `RESET`. Hapo rudi hatua ya 3 na maneno yaleyale.